Ghala limekamilika kwa tarehe, mahindi hayaji

*Ndugu mtaalamu, pokea salamu kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi. Mwezi wa sita mwaka jana tulikabidhiwa ghala la tani 300 pamoja na mashine ya kukaushia nafaka. Mkandarasi alimaliza kwa tarehe, fedha hazikuzidi bajeti, na ripoti ya kufunga mradi ilisema tumefaulu. Misimu miwili imepita na ghala halijajaa hata robo, kwani wanachama bado wanawauzia walanguzi shambani. Sasa mfadhili anauliza manufaa yako wapi. Tulikosea wapi, kuna kitu cha kuokoa, na tumjibu nini?*

Ndugu Katibu,

Ripoti yenu ya kufunga mradi haikusema uongo. Ilijibu yale ambayo mkataba wa ujenzi huuliza: kama kazi imekamilika kwa tarehe, kwa fedha zilizotengwa na kwa ubora uliokubaliwa. Lakini mfadhili hakutoa fedha zake kwa sababu ya kuta na bati. Alizitoa kwa kuamini kwamba mkulima wa Kiryandongo, baada ya kuvuna na kuuza, angebaki na shilingi nyingi zaidi mkononi kuliko zamani, na katika karatasi zote za mradi sidhani kama kuna mtu aliyepewa jukumu la kuhakikisha jambo hilo linatokea.

Katika kazi yetu ya kusimamia miradi tunatenganisha vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya kwa urahisi. Kwanza kuna zao la mradi, yaani kitu kinachokabidhiwa, ambacho kwenu ni ghala na mashine. Pili kuna mabadiliko, yaani jambo ambalo watu huanza kulifanya tofauti kwa sababu zao hilo lipo, na kwenu ni mkulima kuleta mahindi kwenye chama badala ya kuyauza shambani. Tatu kuna manufaa, yaani faida inayopimika inayotokana na mabadiliko hayo. Mradi unaweza kukamilisha la kwanza kikamilifu, na lile la pili lisitokee kabisa, kwa kuwa la kwanza limo mikononi mwa mkandarasi na la pili limo mikononi mwa watu ambao hawakusaini mkataba wowote. Mfano mkubwa mnao katika wilaya yenu wenyewe. Bwawa la Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na megawati hizo ni zao la mradi. Manufaa yake huanza pale mwenye kinu cha kusaga anapozima injini yake ya dizeli na kutumia umeme, na kati ya bwawa na kinu hicho kuna njia kuu za umeme, nguzo za kijijini, transfoma, mita na bei ya kila yuniti. Kikikosekana kiungo kimoja, zege la bwawa linabaki zuri vilevile na kinu kinaendelea kunywa dizeli.

Kwenu kiungo kilichokatika ni hesabu ya mkulima, kwa hiyo tuifanye. Bei nitakazotumia nimezichagua ili hesabu ionekane, nawe utaweka bei za soko lenu. Kanuni ya unyevu ni ya kweli popote.

Chukua mwanachama mwenye magunia 6 ya kilo 100 kila moja, yaliyopukuchuliwa mwezi wa Agosti. Mavuno yenu ya msimu wa kwanza huangukia wakati mvua zingali zinanyesha, kwa hiyo tuseme mahindi yake yana unyevu wa asilimia 20. Mlanguzi anafika shambani na lori, anampa shilingi 700 kwa kilo bila kupima unyevu, na anamlipa papo hapo. Mwanachama huyo anaingia nyumbani na shilingi 420,000.

Andiko la mradi, kama lilifanana na mengi niliyoyasoma, liliandika hivi: bei ya mahindi makavu ni shilingi 900, bei ya shambani ni 700, tofauti ni 200, na kwa kilo 600 mkulima anapata faida ya shilingi 120,000. Namba hiyo ikazidishwa kwa idadi ya wanachama, na mradi ukapitishwa.

Sasa fuata magunia yale yale hadi kwenye ghala. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kukausha ni kuondoa maji, na maji yana uzito ambao mlanguzi alikuwa akiulipia. Katika kilo 600 zenye unyevu wa asilimia 20, nafaka yenyewe bila maji ni kilo 480. Ili kilo hizo 480 ziwe asilimia 86.5 ya uzito mpya, gawanya 480 kwa 0.865, nawe unapata kilo 555. Kilo 45 zimekwenda hewani kabla hatujagusa kitu kingine. Ondoa kama kilo 11 za takataka na punje zilizovunjika wakati wa kupepeta, unabaki na kilo 544. Kwa shilingi 900 hizo ni shilingi 489,600. Bodaboda na pikapu kutoka shambani hadi ghalani tuseme zimechukua shilingi 5,000 kwa gunia, yaani 30,000, na chama kimemtoza shilingi 40 kwa kila kilo mbichi ya kukausha, yaani 24,000. Anabaki na shilingi 435,600.

Faida yake ni shilingi 15,600, na ile 120,000 ya kwenye andiko haipo popote. Tena ameipata baada ya kungoja, kwa mfano, wiki sita hadi chama kiuze. Muhula wa tatu wa shule huanza Septemba. Akikopa shilingi 200,000 za karo kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, wiki sita zinamgharimu shilingi 30,000, naye anajikuta amepoteza shilingi 14,400 kwa sababu ya uaminifu wake kwa chama.

Naomba ukae na namba hizo kwa dakika chache pamoja na wajumbe wa bodi, kwa sababu zinaondoa lawama ambayo husikika sana mikutanoni, kwamba wakulima hawana msimamo au hawajaelimishwa vya kutosha. Niliwahi kusimamia ghala la namna hii, na asubuhi moja nilikaa karibu na mizani nikimtazama mama mmoja aliyeleta magunia matatu. Karani alichoma gunia la kwanza kwa mkuki wa kutolea sampuli, akamimina punje kwenye kipima unyevu, akasoma 19. Mama akauliza atapata kilo ngapi baada ya kukaushwa, akaambiwa atajulishwa. Akauliza atalipwa lini, akaambiwa atajulishwa. Alisimama akipiga mahesabu kwa vidole, kisha akamwomba kijana wake ayapakie magunia upya, akayauza barabarani kabla ya saa sita mchana. Sisi tulikuwa na mashine, yeye alikuwa na hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kuna kikwazo kingine ambacho wahandisi hukiona mapema na wapangaji wa mradi hawakioni. Mashine ya kukaushia hufanya kazi kwa mkupuo. Ikiwa yenu inabeba tani 5 kwa mara moja, inahitaji magunia 50, ilhali mwanachama mmoja ana magunia matatu au sita. Lazima mahindi ya watu kumi au zaidi yachanganywe, na mtu hakubali mahindi yake yachanganywe mpaka aone kwamba aliyeleta ya asilimia 16 halipwi sawa na aliyeleta ya asilimia 23. Mkiwa hamna jedwali la makato lililobandikwa ukutani, linaloonyesha kila asilimia ya unyevu inaondoa kilo ngapi, mkupuo hautimii, mahindi mabichi yanalala kwenye magunia yakisubiri, yanapata joto, na fangasi wanaanza kazi yao. Hapo mashine iliyonunuliwa kuzuia kuoza inakuwa sababu ya kuoza. Utaitambua hali hiyo kwa kuingiza mkono katikati ya gunia lililongoja siku mbili: likiwa na joto kuliko hewa ya nje, mmechelewa.

Suala la sumukuvu nalo linahusu manufaa moja kwa moja. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, kabla ya kuufungua tena siku chache baadaye kwa masharti, likiwemo la cheti cha kuthibitisha kiwango hicho. Mahindi yaliyokaushwa vizuri na mapema ni salama zaidi, na hayo ni manufaa ya kweli. Lakini jiulize ni ya nani. Ni ya mlaji wa Nairobi au Juba, ya msagishaji asiyerudishiwa mzigo, na ya watoto wa shule wanaokula posho. Mkulima ndiye anayebeba gharama ya kukausha, na kama mnunuzi hapimi wala halipii usafi huo, hakuna shilingi inayorudi kwake. Miradi mingi inakwama mahali hapa: gharama inamwangukia mmoja, faida inamwendea mwingine, na hakuna aliyejenga njia ya kurudisha sehemu ya faida kwa yule aliyelipa.

Njia hiyo ndiyo iliyopaswa kuandikwa kabla ya tofali la kwanza, na kuandikwa kwa kuanzia mwisho. Unaanza na manufaa: mwanachama mwenye magunia sita abaki na angalau shilingi 60,000 zaidi ya jirani aliyeuza shambani. Kisha unajiuliza ni mambo gani lazima yawe kweli ili hilo litokee, na nyuma ya kila jambo unauliza tena, mpaka ufike kwenye ghala. Ukifanya hivyo unagundua kwamba ghala ni jambo moja kati ya kama matano, na kwamba yale manne mengine hayajengwi na mkandarasi. Kwenu ni mnunuzi anayelipia ubora, malipo ya awali siku ya kupima, mahali pa kukusanyia karibu na mashamba, na jedwali la makato linaloaminika.

Haya hayana uzito sawa, na hesabu ile ile itakuonyesha lipi la kulianza. Mkikodi lori moja la kukusanya magunia katika kila parishi na usafiri ukashuka kutoka shilingi 5,000 hadi 2,000 kwa gunia, mwanachama wetu anaongeza shilingi 18,000. Mkimlipa shilingi 250,000 za awali siku hiyo hiyo, kwa fedha ambazo chama kimekopa kwa asilimia 2 kwa mwezi, wiki sita zinamgharimu shilingi 7,500 badala ya zile 30,000 za mkopeshaji. Kwa mambo hayo mawili faida yake inafika shilingi 26,100. Sasa weka mnunuzi, msagishaji au kampuni ya vyakula vya lishe, aliyesaini kabla ya mavuno kulipa shilingi 980 kwa mahindi yenye unyevu na sumukuvu ndani ya kiwango. Shilingi 80 za ziada kwa kilo 544 ni shilingi 43,520, na faida inakuwa 69,620. Mkataba mmoja wa karatasi mbili umempa mkulima zaidi ya lori na mkopo kwa pamoja. Hata hivyo mnunuzi huyo hatakuja kwa ajili ya tani 20, kwa hiyo lori na malipo ya awali ndivyo vinavyoleta ujazo unaomvuta. Mambo haya yanategemeana, na ndiyo maana hayawezi kuachwa yajitokeze yenyewe baada ya sherehe ya makabidhiano.

Kuhusu kukopa fedha za malipo ya awali, Uganda ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2006, ambayo inaruhusu mahindi yaliyohifadhiwa kwenye ghala lenye leseni yawe dhamana ya mkopo. Leseni ina masharti yake na haipatikani kwa wiki mbili, kwa hiyo msiitegemee kwa msimu ujao. Kwa msimu huo tafuteni kiasi kidogo cha fedha na mwanze na wanachama wachache.

Turudi kwenye wenye jukumu. Meneja wa mradi alipokabidhi funguo mwezi wa sita aliondoka, na ilikuwa haki yake kuondoka, ilhali manufaa ya kwanza yasingeweza kuonekana kabla ya mwezi wa tisa. Hilo ndilo umbo la kawaida la tatizo hili: timu inavunjwa wakati ule ule ambapo kazi ya kuvuna manufaa inaanza. Kwa kila manufaa lazima kuwe na mtu mmoja mwenye jina, ambaye yupo baada ya mradi kufungwa na ana uwezo wa kubadilisha kitu. Mweka hazina wenu, kwa mfano, anaweza kuwajibika kwa siku zinazopita kati ya kupima na kulipa. Mwenyekiti anaweza kuwajibika kwa mkataba wa mnunuzi, akisaidiwa na Ofisa Biashara wa wilaya. Mkiandika kwamba mwenye jukumu ni bodi, mmeandika kwamba hakuna.

Kisha kuna kupima, na hapa naomba uangalifu. Bei ya mahindi nchini hupanda na kushuka sana kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Bei ikipanda mwaka huu kwa sababu ya ukame, wanachama watapata zaidi ya mwaka jana, na ghala halitakuwa limefanya lolote. Bei ikianguka, ghala linaweza kuwa limewaokoa na takwimu zikaonyesha hasara. Usilinganishe mwaka na mwaka. Linganisha mwanachama na jirani asiye mwanachama wa kijiji kile kile, katika wiki ile ile, kwa fedha iliyobaki mkononi baada ya gharama zote. Kaya 30 za kila upande, zikiulizwa na mtu mwenye daftari na uvumilivu, zinatosha kuonyesha mwelekeo, ingawa hazitoshi kutangaza asilimia kamili. Kwa kuwa hamkupima kabla ya ghala kujengwa, huo ndio ulinganisho mliobaki nao.

Fedha ya mkononi huonekana mwishoni mwa msimu, na mkisubiri hadi hapo hamtakuwa na nafasi ya kurekebisha. Chagueni dalili mbili za mapema. Ya kwanza ni siku kati ya kupima gunia na kulipwa malipo ya awali, na ningependa kuiona imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ghala kila jioni. Ya pili ni idadi ya wanachama walioleta mzigo kwa mara ya pili, kwa kuwa anayekuja mara ya kwanza huenda anajaribu, na anayerudi ameshafanya hesabu yake. Ikiwa wiki mbili za kwanza za mavuno zimepita na wanaorudi ni wachache, simamisheni kazi kwa siku moja mkawaulize walioacha, kabla walanguzi hawajamaliza mashamba.

Kuna uwezekano mwingine ambao bodi haitapenda kuusikia. Inaweza kutokea kwamba hata baada ya haya yote tofauti ya bei katika soko lenu ni ndogo mno. Kwa hesabu yetu ya awali, bei ya mahindi makavu ikishuka chini ya shilingi 871 wakati shambani ni 700, mwanachama anapoteza hata kama hakukopa shilingi moja. Katika msimu wa namna hiyo, ni halali kukodisha mashine kwa mlanguzi au msagishaji kwa bei inayolipa mafuta, fundi na akiba ya matengenezo. Kutakuwa na manufaa, madogo na ya aina nyingine, na mtayaripoti kwa jina lake. Mavuno ya Desemba na Januari, yanapoanikwa kwenye turubai wakati wa jua, huenda yasihitaji mashine kabisa, na hakuna aibu kuizima.

Kwa mfadhili, andika barua ya kurasa tatu na usiweke picha za uzinduzi. Mweleze kwamba zao limekabidhiwa na mabadiliko hayajatokea, kisha umwonyeshe hesabu ya magunia sita kwa bei zenu halisi, ile ya andiko kando ya ile ya kweli. Taja mambo manne yanayokosekana, jina la mwenye jukumu la kila moja, na tarehe zinazofuata msimu: mkataba wa mnunuzi usainiwe kabla ya mwisho wa Mei, fedha za malipo ya awali ziwe benki kabla ya mwisho wa Juni, jedwali la makato lijaribiwe mbele ya wanachama kwa kipima unyevu chenu wiki ya kwanza ya Julai. Mwombe akupe misimu miwili na umwambie mapema ni kiasi gani kikikosekana mtasitisha mpango na kukodisha mashine. Kama atatoa fedha zaidi, omba za malipo ya awali na za daftari la kupimia, na usiombe hata mfuko mmoja wa saruji.